Mnyimeni Mbu Uzee: Wito kwa Jirani Zangu wa Sanje



Asubuhi moja ya masika nilikutana njiani na bibi mmoja anatoka zahanati, amebana chandarua kipya kwapani. Baada ya shikamoo na marahaba akanisimamisha. "Mwanangu," akasema, "mbu wa bonde hili ni wengi kama punje za mpunga. Hiki kimoja kitawamaliza?"

Nikamwambia: hapana bibi, hakitawamaliza. Kazi yake ni kuwazuia wasizeeke.

Alinitazama kama mtu aliyesikia kitendawili, akatua mzigo wake, akataka nimfumbulie. Niliyomweleza pale njiani ndiyo ninayowaandikia leo, hoja moja baada ya nyingine. Nisomeeni na wazee na watoto, kisha mwishoni nina ombi moja la usiku wa leo.

1. Mbu hazaliwi na malaria

Mbu anapotoka kwenye maji na kuruka mara ya kwanza, awe ametoka jarubani, kwenye dimbwi la kwato za ng'ombe au kando ya kijito chenye majani, hana kimelea hata kimoja cha malaria. Ni safi. Dume lake halinywi damu kabisa. Linaishi kwa utamu wa maua na majani. Jike ndiye anayetufuata, kwa sababu bila damu mayai yake hayakomai.

Ili jike huyo awe hatari, lazima kwanza amuume mtu ambaye tayari ana vimelea katika damu yake. Mtu huyo si lazima awe amelala hoi. Hapa kwetu mtu mzima aliyeumwa malaria mara nyingi tangu utotoni anaweza kubeba vimelea huku akilima, akicheka na kula vizuri. Mbu akimnyonya huyo, anaondoka na mbegu ya ugonjwa tumboni.

2. Mbegu hiyo inahitaji siku kumi hadi kumi na mbili

Hapa ndipo penye siri yote. Mbu aliyenyonya vimelea leo hawezi kukuambukiza kesho. Vimelea vinapaswa kwanza kupandana tumboni mwake, kujishikiza kwenye ukuta wa tumbo, kuongezeka hapo, halafu kusafiri hadi kwenye tezi za mate. Kwa joto kama la bondeni kwetu safari hiyo huchukua siku kumi hadi kumi na mbili hivi. Vikishafika kwenye mate, kila atakayeumwa anaweza kuingiziwa malaria.

Kwa hiyo anayetuletea malaria ni mbu mzee, yule aliyeishi karibu wiki mbili au zaidi. Kwa mbu huo ni umri mkubwa, na wengi hawaufikii.

Sasa weka jambo la pili juu ya hilo. Mbu jike hunywa damu, hupumzika mahali penye giza mpaka mayai yakomae, huenda kutaga, kisha hurudi kutafuta damu tena. Mzunguko huo ni wa siku mbili au tatu. Hesabu mwenyewe: katika zile siku kumi hadi kumi na mbili, lazima arudi kwetu kama mara nne. Kila anaporudi anaingia nyumba yenye watu, na kila nyumba yenye chandarua ni mahali ambapo safari yake inaweza kukatika.

3. Chandarua kinafanya kazi tatu kwa mpigo

Kazi ya kwanza kila mtu anaijua: ni ukuta. Mbu anafuata pumzi yako na harufu ya jasho lako, anafika, anagonga wavu.

Kazi ya pili iko ndani ya nyuzi. Vyandarua vya siku hizi vimetiwa dawa kiwandani. Dawa iliyozoeleka ni ya jamii ya pareto, lile ua linalolimwa nyanda za juu, ila hii imetengenezwa maabara ili idumu zaidi. Mbu hutembea juu ya wavu akitafuta upenyo, na dawa inampanda kupitia miguu. Inashika mishipa yake ya fahamu, anaanza kutetemeka, anaanguka. Asiyekufa papo hapo mara nyingi anaondoka dhaifu, bila damu, na usiku wake umepotea.

Kazi ya tatu watu huisahau. Wewe mwenye vimelea usivyovijua, ukilala ndani ya chandarua, mbu hapati kuvichukua kwako. Ndiyo maana baba mwenye afya anayesema "mimi malaria hainisumbui, chandarua wape watoto" anahitaji chake pia. Inawezekana damu yake ndiyo ghala ambalo mbu anachotea ugonjwa wa mtoto wake mwenyewe.

4. Hesabu ya mbu mia

Bibi yule alipenda hesabu hii, kwa hiyo naileta kama nilivyompa. Ni mfano wa kuelewesha tu. Hakuna aliyewahesabu mbu hawa.

Chukua mbu 100 waliokwisha kunyonya vimelea. Tuseme kijiji hakina vyandarua, na kila mara mbu wanapokwenda kutafuta damu, 80 katika kila 100 wanarudi salama. Safari ya kwanza wanabaki 80. Ya pili, 64. Ya tatu, 51. Ya nne, 41. Hao 41 sasa wamezeeka na mate yao yamejaa malaria.

Sasa kijiji kimetungika vyandarua nyumba nyingi, na katika kila safari wanarudi 50 tu katika kila 100. Safari ya kwanza wanabaki 50. Ya pili, 25. Ya tatu, 12. Ya nne, 6.

Tazama hapo. Hatukuua mbu wote. Usiku bado utawasikia wakilia sikioni. Lakini wazee wenye sumu wameshuka kutoka 41 hadi 6. Ndiyo maana mtu anaweza kulalamika kwamba mbu ni wale wale, na wakati huo huo watoto wanaougua katika kitongoji chake wamepungua. Ukitaka kujua kama vyandarua vinafanya kazi, usihesabu kelele za mbu. Angalia watoto wangapi wanapimwa na kukutwa na malaria.

5. Bonde letu lenyewe limeshatoa ushahidi

Mambo haya yalithibitishwa hapa hapa nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliokuwa wakikamata na kupima mbu katika kijiji cha Namawala walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ni karibu kila usiku ulipe ushuru.

Kuanzia mwaka 1996 ukaja mradi wa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ukiendeshwa na kituo cha utafiti cha Ifakara, ambacho leo tunakiita Taasisi ya Afya Ifakara. Wenye umri mkubwa kidogo mnakumbuka vyandarua na pakiti za dawa za "Zuia Mbu". Enzi hizo dawa haikutoka kiwandani na chandarua. Ulichanganya pakiti na maji kwenye beseni, ukachovya chandarua, ukakianika, na baada ya miezi ukarudia.

Watafiti wakafuatilia watoto wa chini ya miaka miwili katika vijiji 18. Kati ya mwaka 1997 na 1999, familia zenye chandarua ziliongezeka kutoka asilimia 58 hadi 83, na zenye chandarua chenye dawa kutoka asilimia 10 hadi 61. Katika muda huo huo watoto wenye upungufu wa damu walishuka kutoka asilimia 49 hadi 26. Mama aliyewahi kumwona mwanawe akipauka viganja na midomo, akihema kwa shida huku akisubiri kuongezewa damu, anaelewa maana ya tarakimu hizo. Utafiti mwingine wa mradi huo, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala kwenye chandarua chenye dawa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai. Tofauti hiyo ilikadiriwa kuwa asilimia 27.

Watoto wa wakati ule leo ni baba na mama. Huenda wewe unayesoma ni mmoja wao.

6. Chandarua changu ni cha jirani pia

Mbu anayekufa kwenye wavu wangu usiku wa leo hatafika kwako keshokutwa. Hilo nalo limepimwa. Kule Asembo, magharibi mwa Kenya, watafiti waliona kwamba hata watu wasio na vyandarua walipata nafuu ya malaria ikiwa waliishi ndani ya mita 300 hivi kutoka kwenye nyumba zenye vyandarua vyenye dawa. Mita 300 kwetu ni kutoka barabarani hadi nyumba ya tatu au ya nne nyuma ya migomba.

Ila nafuu hiyo inahitaji wengi. Nyumba moja yenye vyandarua kati ya kumi inajikinga yenyewe tu. Nyumba nane kati ya kumi zinakinga kitongoji. Kipimo kinachotumika katika kugawa ni chandarua kimoja kwa kila watu wawili. Kama nyumbani havitoshi, wa kwanza kulala ndani ni mama mjamzito na watoto wa chini ya miaka mitano, maana kinga ya miili yao dhidi ya ugonjwa huu ni dhaifu.

7. Dole gumba, ngumi, kichwa

Chandarua hakidumu milele. Kinachokiua mapema zaidi ni matundu: msumari wa kitanda, cheche ya kibatari, panya, watoto wanaoning'inia. Wanaokagua vyandarua hutumia vipimo ambavyo kila mtu anavyo mwilini, nasi tuvitumie.

Kitungue mchana, kitandaze kwenye mwanga, kizungushe upande kwa upande. Tundu ambalo dole gumba halipiti ni dogo, lakini lishone leo kabla halijakua. Linalopitisha dole gumba ila si ngumi, lishone au ulibandike kiraka kabla ya usiku. Linalopitisha ngumi ni dirisha kwa mbu. Ukikuta kadhaa ya namna hiyo, chandarua hicho kinaomba msaada mkubwa. Linalopitisha kichwa ni mlango, na chandarua chenye milango kadhaa kimemaliza kazi yake.

Sindano na uzi wa kawaida vinatosha. Hata fundo moja, ukikusanya kingo za tundu na kuzifunga kwa uzi, linamzuia mbu. Tundu lililo chini, usawa wa godoro, ndilo la kuanza nalo.

Kisha angalia unavyolala. Ingiza pindo lote chini ya godoro au mkeka, pande zote nne. Mtoto akilala amebana mguu kwenye wavu, mbu atamuuma kutokea nje, kwa hiyo msogeze katikati. Na usingoje saa yako ya kulala ndipo ukishushe. Kishushe jua linapozama, mtoto akisinzia aingie moja kwa moja.

8. Kufua kwa kiasi, kuanika kivulini

Chandarua kipya kikunjue na ukianike kivulini siku nzima kabla ya kukilalia. Wengine husikia ngozi ikiwasha siku za mwanzo, wakaacha kukitumia. Kupunga hewa kunapunguza hali hiyo.

Kikichafuka, kifue kwa sabuni ya kawaida na maji ya baridi, taratibu, bila kukisugua kwenye jiwe. Usitie jiki, usiloweke usiku kucha, usianike juani. Jua kali na jiki huila dawa, na jiwe huila nyuzi. Vyandarua hivi hutengenezwa vikihesabiwa kustahimili kufuliwa kama mara 20 na kutumika kama miaka mitatu. Anayefua kila wiki amemaliza mara 20 hizo kabla ya miezi mitano. Anayefua kila baada ya miezi mitatu anafika miaka mitatu na dawa bado imo.

Maji uliyofulia usiyamwage kijitoni. Dawa hii huua samaki. Chimba kishimo kidogo mbali na kisima, umwage humo. Na kwa sababu hiyo hiyo, chandarua kisigeuzwe wavu wa kuvulia.

9. Malaria inatungojea tunapohama kitanda

Wengi wetu tuna nyumba mbili: ya kijijini, na kibanda cha shambani kule bondeni kwenye mpunga, ambako familia hukaa wiki hata miezi ikipalilia, ikifukuza ndege na nguruwe, kisha ikivuna. Kibanda hicho mara nyingi hakina ukuta wa maana, na kiko karibu na maji. Chandarua kikibaki kijijini kimetungikwa vizuri, kinakilinda kitanda kitupu.

Unapofunga mzigo wa shamba, chandarua kiingie pamoja na sufuria na jembe. Nguzo nne na kamba vinatosha kukitungika hata juu ya mkeka. Kama nusu ya familia inabaki kijijini, hilo ndilo hitaji la chandarua cha ziada, na ni jambo la kulisema wazi vyandarua vinapoandikishwa.

Hali ni hiyo hiyo kwenye msiba. Tunakwenda kuhani, tunalala kwenye mikeka uani siku tatu, watoto wako mgongoni na mapajani. Hakuna ubaya mama kubeba chandarua kidogo cha mtoto katika kanga zake.

10. Mbu nao wamejifunza

Lazima niseme na upungufu. Miaka ya nyuma bondeni mwetu mbu wakuu wa malaria walikuwa aina nyingine. Vyandarua viliwapunguza sana. Waliobaki wana tabia zao. Wapo wanaouma mapema jioni, tukiwa bado nje tunapika. Wapo wengine, kwa jina la kitaalamu Anofelesi funestasi, wanaopenda kuingia ndani usiku wa manane na kuzaliana kwenye vijito na madimbwi ya kudumu yenye majani. Hao si wengi kwa idadi, lakini uchunguzi wa wataalamu wa Ifakara umewakuta wakibeba sehemu kubwa kabisa ya maambukizi katika bonde hili. Na wengi wao wamekuwa sugu: wanatembea juu ya dawa ya zamani na kuondoka.

Maana yake kwetu ni mbili. Kwanza, dawa ikidhoofika, ukuta ndio unaobaki. Mbu sugu bado hawezi kupita wavu usio na tundu, kwa hiyo sindano na uzi vina thamani kubwa leo kuliko zamani. Pili, kuna vyandarua vipya vyenye dawa mbili. Vilijaribiwa wilayani Misungwi, Mwanza. Miaka miwili baada ya kugawa, katika vijiji vyenye chandarua cha kawaida watoto waliokutwa na malaria walikuwa karibu asilimia 46. Katika vijiji vyenye aina bora ya dawa mbili walikuwa karibu asilimia 26. Majibu hayo yalichapishwa mwaka 2022, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza vitumike. Kwa hiyo vyandarua vipya vikiletwa, usiseme "cha zamani bado kipo". Chukua.

Na kwa yale masaa ya jioni nje, vaa nguo ndefu, waingize watoto mapema. Homa ikipanda, hata kama mtoto alilala ndani ya chandarua, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, na akikutwa na malaria amalize dozi yote ya dawa mseto. Degedege nayo ni sababu ya kukimbilia zahanati au hospitali bila kupitia pengine, maana inaweza kuwa malaria iliyofika kichwani.

11. Ombi langu

Nyumba yenye mama mjamzito ipate chandarua chake katika hudhurio la kwanza la kliniki, na cha mtoto anapopelekwa kwa chanjo ya surua. Hizo ndizo nafasi ambazo serikali imeziweka, na nyingi zinapotea kwa kuchelewa tu.

Na leo, kabla jua halijazama, ingia chumbani na sindano yenye uzi. Pitisha dole gumba kila unapoona tundu, ushone. Ukimaliza chako, ingia kwa jirani aliye mzee au anayeishi peke yake, ambaye macho hayaoni tena tundu la sindano, umshonee.

Ndivyo tulivyofanya na bibi yule. Nilimsindikiza kwake, tukatungika kile kipya juu ya kitanda cha kamba, kisha tukakitandaza cha zamani uani na kukuta matundu saba. Yote yalipitisha dole gumba, hakuna lililopitisha ngumi. Mjukuu wake alishika nyuzi, mimi nikashona, bibi akawa anahesabu. Tulipofika la saba akauliza, "Kwa hiyo mbu wa usiku wa leo atafika uzee wake wapi?" Mjukuu ndiye aliyejibu, kabla yangu: "Labda kwa jirani, bibi." Akachukua sindano mkononi mwangu, wakaenda.